Mambo Manne kwa Mwenye Nyumba

Mwaka ule nilikuwa na mke, na sikuwa naye. Tulioana kwetu milimani, upande wa Morogoro, mavuno yalipokwisha. Ruhusa yangu ilikuwa fupi. Kabla sijazoea kusikia mtu ananiita "mume wangu" nikawa nimeshapanda treni kurudi Dar es Salaam, kufunga mizigo katika bohari ya tajiri mmoja wa Kihindi. Mke wangu akabaki kwa mama yake.

Kwetu mjomba ndiye mwenye sauti juu ya binti. Mjomba wake alinisindikiza mpaka stesheni, akanibebea na kikapu changu cha ndizi, na pale pale penye kelele za watu akanipa sharti lake.

"Mke ni wako, sikatai," alisema. "Lakini mtoto wa dada yangu simpeleki akalale kwenye maji. Ukipata pakavu niandikie. Nitamleta mwenyewe."

Habari za maji alizipata kwangu. Siku za harusi nilimchekesha kwa kumsimulia jinsi chumba changu cha Buguruni kinavyovuja, jinsi ninavyozunguka na mkeka wangu kama mtu anayetafuta kibla. Nilidhani ni kichekesho. Yeye alicheka pamoja nami, kisha akakiweka moyoni.

Nyumba yenyewe ilikuwa kama nyumba zote za kwetu Buguruni siku zile: kuta za miti na udongo, paa la makuti, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani jiko, choo na bafu la kuogea. Mie nilikaa chumba cha nyuma, mkono wa kulia. Kilivuja pembe moja tu, ila pembe hiyo ndiyo ya pekee ambapo kitanda kingeweza kukaa. Upande mwingine mlango, upande mwingine dirisha, na palipobaki panatosha sanduku na mtu mmoja aliyejikunja. Basi nilijikunja, nikaiacha pembe ile na sufuria yake. Kitanda nilikuwa nimeshanunua. Kilisimama kimeegemea ukuta, miguu juu, kikingoja.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Kizaramo, mjane, muuza vitumbua, mwenye kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Kiambaza kilichotutenga kiliishia katikati, hakikufika paani, kwa hiyo tuliongea bila kuonana, kila mmoja chumbani kwake. Akiniuliza "Bwana harusi, umekula?" najibu "Nimekula, mama," naye anasema "Muongo wewe, sijasikia sahani," na mara mkono wake unapita juu ya kiambaza na kitumbua.

Yeye ndiye aliyekuwa kiungo chetu na mwenye nyumba. Mzee yule alikuwa amehamia Kigamboni kwa binti yake, na huyu mama alivuka maji kila mara kufuata nazi, akipita kumjulia hali na kumpelekea kodi zetu. Ukimtuma neno la mdomo hulifikisha, lakini hulifikisha kwa namna yake, na njiani huongezeka. Nikaona bora niandike.

Mie shule niliisoma mpaka darasa la nne, na barua nilifundishwa kuandika kwa adabu. Salamu kwanza, tena salamu za kutosha. Na mzee alikuwa amefiwa na mkewe muda si mrefu, ingekuwa aibu kumletea shida zangu bila kumpa pole. Basi nikaandika pole, na pole ile ikawa ndefu kwa sababu moyo wangu mwenyewe ulikuwa umeshaingia humo. Niliandika kwamba najua kitanda kinavyokuwa kipana mwenzio akiwa hayupo. Nikageuza ukurasa. Nikaeleza kwamba hata mie mwenzangu yuko mbali, na kwamba milimani kwetu asubuhi ukungu unakaa juu ya migomba, naye huamka mapema kuchota maji, na kwamba ana tabia ya kuimba akidhani hasikiki. Kutoka hapo nikafika kwenye mvua. Kutoka mvua nikafika kwenye paa, kutoka paa kwenye mbuzi wa chumba cha mbele aliyekula kanga ya mtu, na kutoka mbuzi nikarudi kwenye ua wa bafu, ambao ulikuwa umeanguka upande wa njia hata wanawake wakawa wanaoga usiku tu. Nilijaza karatasi pande zote mbili, nyingine nayo pande zote mbili, nikamalizia pembeni kwa maandishi ya kupanda.

Nilipomsomea, mama wa vitumbua alifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mwanangu, hii barua hii! Hata jiwe litalia."

Aliipeleka. Jioni alirudi na nazi begani, akazitua mlangoni kwangu.

"Zako," akasema. "Mzee anakushukuru sana."

"Na paa?"

Akakaa kwenye kizingiti, akaanza kucheka, akajizuia, akacheka tena. Ikawa hivi. Mzee anasoma herufi za Kiarabu, hizi zetu za shuleni hazijui. Barua zake husomewa barazani baada ya sala ya alasiri na mwenye duka wa jirani yake, na wote waliokaa pale husikiliza, maana barua ni ya mmoja lakini masikio ni ya wote. Mwenye duka akasoma salamu. Akasoma pole. Alipofika kwenye kitanda kinachokuwa kipana, mzee akainamisha kichwa, na mtu mmoja pale barazani akasema, "Jamani, tumrehemu marehemu." Wakainua mikono, wakaomba dua, wakasema amina. Sasa dua ikishaombwa nani tena ataendelea kusoma habari za mbuzi? Karatasi ikakunjwa, ikaingia mfukoni mwa kanzu.

"Kwa hiyo hawakugeuza hata ukurasa?"

"Wageuze wapi, mwanangu? Ulishawaliza."

Nazi zilikuwa nzuri, tukazipikia wali. Lakini mie nilikula nikiitazama pembe ya sufuria. Mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kujikusanya mchana na kutawanyika jioni, kama watu wanaojadiliana waanze lini. Na kutoka kwetu ilikuja barua iliyoandikwa na mdogo wake mke wangu. Mwisho, baada ya salamu za ukoo mzima, lilikuwapo neno moja tu lililotoka kwake: "Anauliza, pamekauka?"

Neno hilo nilitembea nalo mpaka kazini.

Boharini kazi yangu ilikuwa kutimiza oda za wenye maduka wa bara. Oda zilikuja kwa barua, karani akazipitia, kisha mie nikazishika mkononi nikizunguka katikati ya magunia. Kulikuwa na mwenye duka mmoja aliyependa kusimulia. Angeandika kwamba njia imeharibika, kwamba watu wa kwake wanalalamika, sukari imekuwa shida, shangazi yake mgonjwa, na taa hazina mafuta. Mzigo wake kila mara ulitoka na upungufu. Mimi nikisoma najiuliza: sukari hii anaitaka, au ananipa habari zake tu? Mwingine aliandika moja, sukari, gunia, mbili, mafuta ya taa, debe, tatu, chumvi. Huyo hakuwahi kukosa kitu. Ukiwa umebeba gunia huwezi kurukaruka katika maneno, lakini ukishaweka kidole kwenye namba, kidole hakipotei hata ukiitwa kando.

Siku ile nilikuwa nimesimama na oda ya aina hiyo ya pili, kidole kwenye namba mbili, nikamwona akilini mwenye duka wa Kigamboni akisoma barua yangu. Naye vilevile angehitaji mahali pa kuweka kidole.

Niliporudi nyumbani sikuanza kuandika. Nilipanda kwanza juu ya sanduku nikasukuma makuti kwa mkono. Katika barua ya kwanza nilikuwa nimesema nyumba nzima imeoza, na haikuwa kweli. Kilichooza ni makuti ya pembe moja. Fito za chini yake zilikuwa nzima, nilizigonga zikalia vizuri. Kisha nikatoka uani nikakagua ua wa bafu. Nguzo za upande wa njia zimeliwa na mchwa, za upande wa jikoni nzima. Mama wa vitumbua alinitazama nikigonga nguzo akasema, "Makubwa! Bwana harusi kawa fundi."

Tukakaa jikoni. Nilimwambia nataka kuandika upya, mambo ya nyumba matupu, kila jambo na namba yake. Jambo moja, namba moja: liko wapi, lina nini, nataka nini.

"Mbuzi namba ngapi?" akauliza.

"Mbuzi hayumo."

"Hayumo! Kala kanga yangu, hayumo!"

"Mama, mbuzi si wa mwenye nyumba. Mzee atafanya nini akiwa Kigamboni? Hilo tutalisema na mwenye mbuzi."

Alinuna kidogo, akageuza vitumbua. "Na yule wa chumba cha mbele anayekohoa alfajiri?"

"Hayumo naye."

"Na pole?"

"Pole ilishafika, mama. Ilifika mno."

Hapo akacheka, ununaji ukamwisha. Nikaanza kukata. Kukata salamu ndefu hakukuniuma. Kukata mbuzi, hata kidogo. Lakini nilipofika kwenye ukungu na migomba, na yule mtu anayeimba akidhani hasikiki, kalamu ilisita. Ilikuwa kama kumwambia atoke nje kwenye umande ili nizungumze na wanaume. Nilitafuta namba ambamo angeweza kukaa. Hakukuwa na namba. Mzee hana makuti ya kuezekea jambo hilo. Nikamwacha nje, nikaendelea, na nilipomaliza karatasi ilijaa upande mmoja tu, tena haikufika chini:

"Mzee wangu, shikamoo. Sie wapangaji wako wa Buguruni hatujambo. Nina mambo manne ya nyumba. Naomba unijibu kila moja kwa namba yake, kwa mdomo wa mama aliyeleta barua hii.

1. Paa la chumba cha nyuma, mkono wa kulia, linavuja pembe ya ndani. Makuti yameoza, fito ni nzima. Naomba makuti ya viungo na fundi wa kuezeka, kabla ya masika.

2. Ua wa bafu umeanguka upande wa njia. Zinatakiwa nguzo za upande huo na makuti ya kumba ya kuzungushia. Ukitupa vifaa, kazi tutafanya wenyewe wapangaji.

3. Kiambaza cha chumba changu na cha jirani kinaishia katikati. Naomba ruhusa nikipandishe kwa udongo mpaka juu, kwa gharama yangu.

4. Mlango wangu hauna komeo la ndani. Naomba komeo, au ruhusa nitie langu.

Mimi mpangaji wako, chumba cha nyuma."

Nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, uso mzito.

"Namba tatu ndiyo mie?"

"Si wewe, mama. Ni kiambaza."

"Kiambaza cha nani? Miaka yote nakupitishia vitumbua, leo unanijengea ukuta! Nakoroma?"

"Hukoromi."

"Sasa nini?" Kisha akanitazama, nami nikatazama moto, akaelewa. Alipiga kofi akaangua kicheko mpaka kuku wakatawanyika. "Ahaa! Basi bwana, kijengwe! Kijengwe hata leo!" Alipotulia akaichukua karatasi, akaigeuza, upande wa pili mtupu. "Lakini mkeo humu hayumo. Mzee atajuaje haraka yako?"

"Nimeandika kabla ya masika."

"Masika kila mtu anayo," akasema. Aliikunja hata hivyo, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Siku aliyovuka tena, boharini niliharibu oda, nikamtilia mtu chumvi mahali pa sukari, karani akanisema. Niliporudi, mama alikuwa amekaa barazani kwetu akinisubiri, hakuingia hata jikoni. Alitaka kunisimulia kwa mpango, kidole kwa kidole.

Mwenye duka alisoma salamu, akasema, "Mambo manne," na watu barazani wakajiweka vizuri. Akasoma la kwanza. Mzee akainua mkono: "Simama hapo." Akauliza, fito ni nzima kweli? Mama akasema nzima, yeye mwenyewe amesikia zikigongwa. Na pale pale barazani alikuwapo mshonaji wa makuti, akadakia kwamba ya viungo anayo, yamekauka vizuri. Mzee akasema, sawa, na fundi atakuja. La pili. Mzee akasema, nguzo zikakatwe shambani kwake, makuti ya kumba atatoa, na kama wapangaji watajenga wenyewe Mungu awabariki. La tatu akatikisa kichwa.

"Amekataa?"

"Udongo amekataa. Anasema kiambaza kile chembamba, alikijenga mwenyewe, ukikiongezea uzito kitakuangukia. Utundike mkeka mnene toka juu. La nne, tia komeo lako, ukihama uliache."

Nilikuwa nimeshaanza kucheka kwa furaha, lakini mama hakuwa amemaliza. Alishusha sauti.

"Mwenye duka kakunja karatasi, watu wameanza mazungumzo mengine. Mzee kanigeukia. Kisha kaniuliza, 'Huyu kijana anangoja mke?' Nikamwambia kaoa, mzee, mke yuko kwao. Nikamuuliza, nani kakwambia? Akasema, 'Paa la pembe ile, ua wa bafu, kiambaza, komeo. Nani aniambie tena?' Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema pembe ile ndipo kilipokuwa kitanda chao, yeye na marehemu, nyumba ikiwa mpya. Ilikuwa ikivuja tangu siku hizo, marehemu akimsema kila masika, naye akimwambia kesho."

Nilimtoa mke wangu kwenye karatasi ile, nikamtoa na ukungu wake na nyimbo zake, na mzee asiyeweza kusoma herufi zangu akamwona amekaa humo katikati ya namba.

Fundi alikuja kabla wiki haijaisha, akasema ametumwa na maneno: asishuke mpaka pembe ile aimwagie maji mwenyewe aone. Aling'oa makuti meusi, akafunga mapya, yakanukia chumba kizima. Akamwaga debe la maji toka juu. Nilisimama chini na uso wangu juu, sikupata hata tone. Ua wa bafu tuliujenga Jumapili, wapangaji wote, na mwenye mbuzi akachimba mashimo bila kuambiwa. Mkeka niliutundika. Mama akabisha hodi kwenye mkeka, eti kama mlango, akatoa mkono na kitumbua pembeni yake.

Nikashusha kitanda miguu chini. Nikamwandikia mjomba, namba moja, paa limeezekwa. Namba mbili, ua umesimama. Namba tatu, komeo lipo. Na namba nne, naomba mke wangu. Na katika bahasha ileile nikatia karatasi nyingine ya mke wangu peke yake, pande zote mbili, na maandishi ya kupanda pembeni. Mle nilirudisha yote niliyoyakata.

Masika yakawahi. Yalianza milimani kabla ya kufika kwetu. Jibu la mjomba lilikuja limelowa pembeni: mto umejaa, njia ya kuteremkia stesheni imekatika, hata mvushaji wa pale kivukoni amekimbia. "Maneno yako nimeyaona yote manne," aliandikisha. "Mto ukishuka, tutakuja." Na chini, kwa mwandiko wa yule mdogo: "Anasema karatasi yake ameificha, mie nilimsomea mara moja tu, lakini ananiomba tena kila siku."

Mvua ikafika Buguruni alasiri moja, kubwa, ya kuanza na upepo. Nilikuwa nimerudi kazini, nikakaa ukingoni mwa kitanda, pembeni kabisa, kama mgeni. Treni ya bara ilipiga honi ikipita kuingia mjini, nami nikahesabu moyoni nani angeweza kuwamo, nikijua hayumo. Juu yangu maji yalipita yakishuka nje. Nilifungua kiganja nikakiweka mahali sufuria ilipokuwa ikikaa, nikangoja. Kikabaki kikavu.

"Bwana harusi!" mama aliita nyuma ya mkeka. "Hapavuji?"

"Hapavuji, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mvua ikazidi juu ya makuti. "Basi mwambie mkeo," mama akasema.

Nilichukua kalamu, lakini sikuandika mara moja. Nilisogea kwanza nikakaa upande wangu wa kitanda, ule wa mlangoni, nikauacha wa ndani.